Dakika 20 Baina ya Kidumbak na Taarab: Sini, Makundi ya Myuti na Njia za Monita

Kwa mtazamaji, dakika 20 za kubadilisha bendi ni nyingi. Anainuka, ananunua urojo, anarudi na bakuli lake, na MC bado anataja wafadhili. Kwa fundi mitambo dakika hizo hizo ni chache mno: watu wanane wanashuka jukwaani na ala zao, kumi na wanne wanapanda, maiki zinahamishwa gizani, na katikati ya yote kuna mzee wa ganuni anayeuliza kwa upole kama tayari anaweza kujisikia.

Zamani, kwenye miksa ya analogi, tulikuwa tunabandika mkanda wa karatasi chini ya feda (namaanisha kile kitelezi, si fedha) na kuandika kwa kalamu kila kitu kilipokuwa wakati wa kujaribu sauti mchana. Usiku tunarudisha kwa mkono, kifundo kimoja kimoja. Miksa ya dijitali ikaleta sini: picha ya miksa nzima inayohifadhiwa kwa jina na kurudishwa kwa kubonyeza mara moja. Hapo ndipo wengi walipodhani tatizo limekwisha. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoaibika, na nitaeleza.

Mifano yangu inafuata Behringer X32 na ndugu yake Midas M32, kwa sababu ndizo ninazozikuta mara nyingi. Zina chaneli 32 za kuingizia sauti, njia 16 za kuchanganyia, `DCA` 8, makundi 6 ya myuti, na nafasi 100 za sini, kuanzia 00 hadi 99. Mwenye Yamaha au Allen & Heath atakuta mambo haya haya kwa majina mengine na kwa tabia zinazotofautiana kidogo. Tofauti hizo ndizo hasa zinazouma, kwa hivyo nitazitaja pahala pake.

Chukua usiku mmoja wa tamasha Mji Mkongwe. Saa 2 na nusu kinapiga kikundi cha kidumbak: vidumbak viwili, cherewa na mkwasa, sanduku, fidla, mwimbaji mmoja na waitikiaji wawili. Baada yao kuna dakika 20, kisha kikundi cha taarab cha watu 14 kinapanda. Baada ya taarab kuna bendi ya vijana yenye dramu, magitaa na kompyuta. Tutakaa kwenye yale mabadilishano ya kwanza, kwa sababu ndiyo magumu. Bendi ya vijana ina kelele ya kutosha kuficha makosa. Udi hauna.

Kazi inaanza kabla ya kugusa sini yoyote, kwenye karatasi. Panga chaneli kwa tamasha zima, usipange kwa bendi. Mimi huweka vya kupigwa 1 hadi 6, besi 7 na 8, nyuzi na nai 9 hadi 14, kodiani, kinanda na gitaa 15 hadi 18, waimbaji 19 hadi 22, MC 24, na muziki wa kujaza muda 25 na 26. Namba 23 inabaki tupu, akiba ya maiki itakayokufa. Bendi isiyokuwa na kitu fulani inaacha chaneli yake imelala tu. Haisogezi nyingine juu kujaza pengo.

Sasa hesabu. Kidumbak kinachukua 2 na 3 kwa vidumbak, 4 kwa cherewa na mkwasa kwa maiki moja, 8 kwa sanduku, 9 kwa fidla, 19 kwa mwimbaji, 20 na 21 kwa waitikiaji. Maiki nane. Taarab inachukua 2 kwa dumbak, 3 kwa bongo, 4 kwa rika, 8 kwa besi, 9 na 10 kwa fidla, 11 kwa udi, 12 kwa ganuni, 13 kwa nai, 15 kwa kodiani, 19 kwa mwimbaji wa mbele, na 20 hadi 22 kwa waitikiaji. Maiki 14. Lakini nane katika hizo zina waya jukwaani tayari, pahala pale pale au hatua mbili pembeni. Kazi mpya ni maiki sita tu: 10, 11, 12, 13, 15 na 22. Hizo zinaweza kufungwa kwenye stendi zake na kuchomekwa waya kando ya jukwaa wakati kidumbak kinaendelea kupiga, zikisubiri kusogezwa. Mabadilishano ya haraka yanatoka hapo zaidi kuliko kwenye kitufe chochote.

Twende kwenye sini yenyewe. Unapohifadhi, miksa inaandika karibu kila kitu: jina la chaneli, geini ya kuingilia, umeme wa volti 48, ikweliza, kompresa, feda, myuti, kiasi kinachokwenda kila monita, athari za mwangwi, na hata soketi gani inaingia chaneli gani. Unapoiita, vyote vinarudi kwa mpigo mmoja. Neno la kushika hapa ni "vyote". Miksa haijui kama maiki ya sanduku imeshatolewa. Haijui kama wakati huo MC anazungumza. Inarudisha hali iliyokuwepo saa 10 jioni, uwanja ukiwa mtupu na jua likiwaka.

Aibu yangu ilinikuta kwenye tamasha moja la shamba, miaka kadhaa nyuma. MC alikuwa anamkaribisha mgeni rasmi. Mimi, kwa pupa ya kuwahi, nikaita sini ya taarab dakika tatu kabla. Mchana wakati wa kujaribu, MC hakuwepo. Chaneli yake ilikuwa imezimwa, na nikahifadhi sini hivyo hivyo. Basi akawa anafungua mdomo bila sauti mbele ya watu mia kadhaa. Akaigonga maiki, akaipuliza, akampa mwenziwe. Mimi nikatafuta chaneli, nikaifungua, nikasukuma feda, na kwa kuwa sini ilikuwa imeshusha geini yake pia, nikaongeza geini kwa woga. Mluzi uliotoka hapo, kuna watu wanaukumbuka mpaka leo.

Kosa halikuwa kuita sini mapema. Kosa lilikuwa kuiachia sini chaneli isiyoihusu. Kila miksa ya dijitali ina orodha ya vitu vinavyokingwa visiguswe na sini. Kwenye X32 utaikuta ndani ya ukurasa wa `SCENES`, kwenye vichupo viwili: `Chan Safe` kwa kukinga chaneli nzima, na `Param Safe` kwa kukinga aina ya kitu kwenye chaneli zote, kama vile geini peke yake au myuti peke yake. Kwenye Yamaha jina ni `Recall Safe`. Mimi siku hizi ninaijaza orodha hiyo kabla ya kuhifadhi sini ya kwanza.

Ninakinga MC na muziki wa kujaza muda, kwa sababu wao ni wa tamasha, hawana bendi. Ninakinga feda kuu na ikweliza yake. Uwanja uliozungukwa na kuta za mawe unarudisha sauti kwa namna moja ukiwa mtupu na kwa namna nyingine ukijaa watu. Marekebisho ninayoyafanya saa 3 usiku hayafai kufutwa na sini ya mchana. Ninakinga pia ikweliza za kutokea za monita. Zile nimezichonga ili monita hii, ikikaa pale, isipige mluzi. Hazijui nani amesimama mbele yake. Na ninakinga njia za soketi, maana sini iliyohifadhiwa kabla hujahamisha waya mmoja inaweza kukurudisha kwenye ramani ya zamani, ukabaki unatafuta fidla kwenye chaneli ya rika.

Geini ya kuingilia ndiyo yenye ubishi. Wengine huikinga daima. Mimi huiachia sini ikiwa bendi ilijaribu sauti mchana na maiki zile zile, lakini kwa sharti. Tazama chaneli 8. Kwenye kidumbak ni sanduku, nimeliwekea maiki ya kiki isiyohitaji umeme, geini desibeli 36. Kwenye taarab ni besi kubwa ya kusimama, yenye kimaiki cha kondensa kilichobanwa kwenye daraja, geini desibeli 24, na volti 48 zimewashwa. Tofauti ya desibeli 12 ni kama kuizidisha volti mara nne. Nikiwa bado kwenye sini ya kidumbak na kijana wa jukwaani ameshachomeka kimaiki cha besi, kimaiki kinakaa kimya kwa kukosa umeme, na nikiwasha volti 48 bila kushusha geini, yule mpiga besi akigusa waya mmoja taa nyekundu inawaka. Nikiita sini ya taarab mapema, na maiki ya sanduku ikiwa bado inatumika, sanduku linafifia katikati ya wimbo na volti 48 zinapanda ghafla kwenye waya ule. Maiki ya kawaida yenye waya mzima haidhuriki na umeme huo, ila kuchomoa na kuchomeka ukiwa umewashwa hutoa kishindo kinachoweza kuvunja spika ikiwa chaneli iko wazi.

Kwa hivyo sharti ni hili: sini inaitwa baada ya noti ya mwisho na kabla waya wa kwanza haujaguswa, na chaneli zote zikiwa zimenyamaza. Kuzinyamazisha ndiyo kazi ya kundi la myuti.

Kundi la myuti ni kitufe kimoja kinachonyamazisha chaneli nyingi. Kwenye X32 unafungua ukurasa wa `MUTE GRP`, unabana kitufe cha kundi, na huku umekibana unagusa `SELECT` ya kila chaneli unayotaka iingie. Kundi 1 langu ni chaneli 1 hadi 23, jukwaa zima bila MC na bila muziki wa kujaza. Kundi 2 ni waitikiaji peke yao, ili maiki tatu zisibaki wazi zikivuta kelele wakati wa utangulizi mrefu wa ala. Kundi 3 ni mwangwi, ili mwimbaji akizungumza baina ya nyimbo asisikike kama yumo ndani ya kisima.

Kundi 6 ni la adhana. Hilo hutaliona kwenye mafunzo ya Wazungu. Kwetu, ukijaribu sauti alasiri Mji Mkongwe, msikiti hauko mbali, na adhana ikianza jukwaa linanyamaza. Kundi 6 lina kila chaneli, pamoja na MC na muziki wa kujaza. Kidole kimoja, kimya chote, na baadaye kidole kimoja kinarudisha. Zamani nilikuwa nikishusha feda kuu, kisha nikiirudisha nabahatisha ilipokuwa. Tena kushusha feda kuu hakuzimi monita. Mpiga kinanda anaendelea kusikika jukwaani kama hakuna kilichotokea, na wazee wanamtazama fundi.

Kabla ya kuyaamini makundi haya, fanya majaribio matatu kwenye miksa uliyoletewa, maana hazifanani. La kwanza: zima chaneli moja kwa mkono, kisha bonyeza kundi lake, kisha liachie. Baadhi ya miksa huiacha ile chaneli imezimwa. Nyingine huzifungua zote za kundi, hata ile uliyoizima kwa makusudi. La pili: bonyeza kundi, ita sini, tazama kama taa ya kundi bado inawaka na chaneli bado zimenyamaza. La tatu: zima chaneli moja huku mtu anazungumza kwenye maiki yake, sikiliza kama sauti yake kwenye monita imekatika au imebaki. Majaribio yote hayafiki dakika mbili. Ukiyaacha, utayafanya usiku mbele ya watu.

Jaribio la tatu linatuingiza kwenye monita, na hapa ndipo mahali ambapo mafundi wengi wazuri hujichanganya.

Kila monita ina njia yake ya kuchanganyia. Kwenye kila chaneli kuna kiasi kinachotumwa kwenye njia hiyo, na kiasi hicho kinaweza kuchukuliwa kabla ya feda au baada ya feda. Kwa monita tunachukua kabla ya feda. Sababu yake ni nyepesi: nikiisukuma feda ya mwimbaji ili watu wa nyuma wamsikie, sitaki sauti yake iongezeke pia kwenye spika iliyo miguuni pake, ikarudi kwenye maiki na kupiga mluzi. Mwangwi ni kinyume, huo unachukuliwa baada ya feda, ili chaneli ikishushwa mwangwi wake ushuke nayo.

Sasa fikiri njia tatu za kunyamazisha jukwaa. Ya kwanza ni myuti. Kwenye miksa nyingi na mipangilio mingi ya dijitali myuti hukata chaneli kila upande, uwanjani na kwenye monita. Ya pili ni kushusha feda za chaneli, au kuishusha `DCA` inayozishika zote. `DCA` ni kama mkono wa mbali unaosukuma feda nyingi pamoja; haibebi sauti yenyewe. Kwa kuwa monita inachukua kabla ya feda, ukiishusha `DCA` uwanja unanyamaza lakini monita zinaendelea. Ya tatu ni kuzima njia ya monita yenyewe; hapo uwanja unasikia, mwanamuziki hasikii. Ukilielewa hili vizuri, mabadilishano yanajipanga yenyewe: myuti wakati waya zinaguswa, `DCA` chini wakati wanamuziki wanajisikiliza, na `DCA` juu MC akimaliza.

Angalia tu usiizime `DCA` kwa kitufe chake cha myuti ukidhani ni sawa na kuishusha. Kwenye miksa nyingi kitufe hicho kinazima chaneli, na monita zitakufa pamoja nazo.

Ndiyo maana sini zangu zote nazihifadhi katika hali moja: kundi 1 limebonyezwa, na `DCA` 1, niliyoipa jina `BENDI`, iko chini kabisa. Mtu akiiona anadhani nimesahau. Lakini sini ikiitwa, haileti sauti hata chembe uwanjani. Inaleta geini, ikweliza na viwango vya monita, kisha inakaa kimya ikinisubiri.

Viwango vya monita vinatoka wapi? Vinatoka kwenye majaribio ya mchana, na hayo tunayafanya kinyumenyume: bendi ya mwisho inajaribu kwanza, ya kwanza inajaribu mwisho. Hivyo jioni ikifika, jukwaa limebaki limepangwa kwa watakaofungua. Nina sini ya msingi namba 00, yenye majina, rangi, vichujio vya kukata mngurumo wa chini na upepo wa bahari, na viwango vya wastani vya monita. Naiita hiyo, bendi inajaribu, nahifadhi kwa namba mpya: 03 vijana, 02 taarab, 01 kidumbak. Bendi iliyochelewa na boti, ikafika bila kujaribu sauti, inaanzia 00 na si kwenye sini ya bendi nyingine.

Monita nazo zina anwani, hazina wenyewe. Kwangu njia 1 ni mbele katikati, 2 mbele kushoto, 3 mbele kulia, 4 nyuma kushoto kwa wapiga ngoma, 5 nyuma kulia kwa besi na kodiani, 6 ni ya pembeni. Mwimbaji wa kidumbak na mwimbaji wa taarab wote wanasimama mbele ya namba 1. Mpiga ganuni anakaa mbele ya namba 2, na hapo hapo awali alikaa mpiga fidla wa kidumbak. Spika haisogei. Ikisogezwa hatua mbili, ile ikweliza niliyoikinga inakuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Taarab ina mtego wake kwenye monita. Kila mtu anataka kusikia kila kitu, na maiki nyingi ni kondensa zenye masikio makubwa. Kanuni ya kazi ni kwamba kila mara idadi ya maiki zilizo wazi kwenye mfumo ikizidi mara mbili, unapoteza kama desibeli 3 kabla ya mluzi kuanza. Ukitoka maiki moja kwenda nane umepoteza 9. Kwa hivyo kwenye sini ya taarab, njia 2 ya ganuni inapelekewa ganuni yenyewe, mwimbaji, na kidogo dumbak kwa ajili ya mapigo. Fidla hazimo, maana zinakaa mita moja na nusu kutoka kwake na anazisikia kwa masikio yake. Waitikiaji hawamo kwenye monita yoyote ila kwa kiasi kidogo kwenye namba 6. Mzee wa ganuni akiomba, "Baba, niongezee kila kitu," ninamjibu, "Haya Maalim," na ninaongeza ganuni peke yake. Mara nyingi hutikisa kichwa kuridhika. Alichokuwa anakosa ni yeye mwenyewe.

Tukio lenyewe linakwenda hivi. Kidumbak kinamaliza, makofi. Ninabonyeza kundi 1, ninapandisha muziki wa kujaza, ninamwonyesha kijana wa jukwaani kidole gumba. Bila kidole hicho hagusi waya, tumekubaliana. Ninaita sini 02. Kundi 1 bado jekundu, MC anaendelea na wafadhili wake bila kujua kitu. Dakika ya 2 hadi ya 8, stendi sita zinaingia, sanduku linatoka, besi inapanda, maiki ya chaneli 8 inabadilishwa.

Dakika ya 8 ninavaa hedfoni. Kitufe cha `SOLO` kinanipa sauti ya chaneli kabla ya feda na kabla ya myuti, mradi kimewekwa kwenye `PFL`. Kikiwa kwenye `AFL` utasikia kimya na kudhani waya umekatika. Kijana anapita kwa mpangilio, anakuna kidogo mbele ya kila maiki au anamwomba mpigaji apige noti moja. Mbili, iko. Tatu, iko. Kumi na moja, udi, kimya. Sasa, udi una kondensa, na jambo la kwanza la kutazama ni taa ya `48V`, la pili ni waya, la tatu ni maiki. Usianze na geini. Geini iliyopandishwa kwenye waya uliolegea ndiyo bomu la baadaye, waya ukikaa sawa ghafla. Hapa taa inawaka, kijana anabonyeza kichwa cha waya kwenye boksi, udi unatokea. Kama usingetokea, ningehamia soketi 23, na hapo ningekumbuka kwamba geini na umeme ni vya soketi, havifuati chaneli: soketi 23 ingehitaji kuwashiwa volti 48 yake na kupewa geini yake.

Dakika ya 13 waya zote zimekaa. Nahakikisha `DCA` 1 iko chini, naliachia kundi 1. Uwanjani hakuna kilichobadilika, muziki wa kujaza unaendelea. Jukwaani, monita zimefufuka. Wapigaji wanagusa ala zao, wanajisikia, wanaonyesha juu au chini kwa mkono. Ganuni inatuniwa, na hiyo inachukua muda wake. Nyuzi zake ni nyingi na unyevu wa usiku wa pwani hauzihurumii. Hakuna sini inayofupisha hilo.

Kwenye hatua hii kuna kitufe cha kuogopwa: `SENDS ON FADER`. Ukikiwasha na kuchagua njia 2, feda zote zinageuka kuwa viwango vya monita namba 2. Ni raha kubwa, unachanganya monita nzima kwa mikono miwili. Ukisahau kukizima, MC anamaliza, wewe unasukuma feda ya mwimbaji kwa nguvu ukitaka aingie na kishindo, na kumbe unaisukuma kwenye monita ya ganuni. Uwanjani haongezeki, jukwaani kunalia. Dalili yake ni hiyo hiyo: unasukuma, mbele hakubadiliki. Mikono ikikwambia hivyo, usisukume zaidi. Tazama taa ya kitufe kwanza. Mimi nina mazoea ya kurudisha feda za kawaida kila baada ya mtu mmoja, hata kama anayefuata yuko tayari.

Dakika ya 18, MC anatazama upande wangu, naitika kwa kichwa. Anataja kikundi. Ninashusha muziki wa kujaza, ninapandisha `DCA` 1 taratibu mpaka alama ya 0, na bashraf inaanza.

Kilichobaki ni kusikiliza, kwa sababu sini imeshamaliza kazi yake. Mwimbaji wa mchana alikuwa anajaribu kwa nusu sauti, akiihifadhi koo; usiku, mbele ya watu, anaimba kwa kifua chote. Kompresa iliyokuwa ikigusa desibeli 3 sasa inabana 8 na sauti inasikika imefungwa, kwa hivyo geini yake inashuka kidogo ndani ya ubeti wa kwanza. Ila geini inashusha na monita pia, kwani iko kabla ya kila kitu. Nikiishusha 4 namwongezea 4 kwenye njia 1, la sivyo atadhani amepotea. Nai, ambayo mchana ilikuwa laini, usiku mpigaji ameisogelea maiki na pumzi zinasikika. Nakata chini kidogo zaidi.

Mabadiliko hayo siyahifadhi juu ya 02. Yanakwenda 12, kwa jina lile lile na neno "usiku" mbele yake, ili ile ya mchana ibaki salama ikiwa kikundi kitarudi kesho alasiri. Na wakati udi unapiga taksimu ya wimbo wa pili, zote zinanakiliwa kwenye flashi, maana umeme ukikatika bila betri ya akiba mezani miksa itawaka upya, na nisingependa kugundua usiku huo ni nini hasa kimebaki ndani yake.